Jaji Anatunga Sheria au Anaitangaza Tu? Panga Insha Yako kwa Kesi ya Shamba la Muleba

Kama unasoma falsafa ya sheria, swali hili litakufikia kabla hujamaliza mwaka: je, majaji hutunga sheria, au huitangaza tu ile iliyokuwepo tangu zamani? Insha nyingi za swali hili huanguka mahali pamoja. Zinaanza na Blackstone, zinampitia Austin, zinasimama kidogo kwa Hart, zinamalizia kwa Dworkin, kisha aya ya mwisho inasema majaji hufanya yote mawili. Msahihishaji anafika mwisho bila kuona hukumu hata moja iliyofunguliwa na kusomwa. Ameona majina ya wanafalsafa yamepangwa foleni, na anajua yangeweza kupangwa vilevile na mtu ambaye hajawahi kushika nakala ya hukumu mkononi.

Mpango ninaokupa hapa unaanzia upande wa pili. Unachukua kesi moja, unaisoma hadi uijue, halafu unawaita wanafalsafa pale tu kesi yenyewe inapowahitaji. Na kwa bahati njema huhitaji kwenda London kutafuta kesi. Iliamuliwa hapa Mwanza, katika Mahakama Kuu, tarehe 22 Februari 1990, na Jaji Mwalusanya. Ni Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory na mwingine, rufaa ya madai namba 70 ya mwaka 1989.

Kwanza, jua kilichotokea shambani

Holaria Pastory alikuwa mama wa Kihaya wa wilaya ya Muleba, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipoona uzee umemkalia na hana wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo ule, kwa shilingi 300,000. Kesho yake mpwa wake, Bernardo Ephraim, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Hoja yake ilikuwa fupi: kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, kwa hiyo mauzo ni batili.

Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na mpwa, ikamwamuru mama arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikageuza uamuzi huo kwa kutumia haki ya usawa iliyomo katika Katiba. Mpwa akakata rufaa, na ndipo shauri likavuka ziwa kuja Mwanza.

Katika insha yako simulizi hili lisizidi aya moja. Lakini usiliruke, na usiiache ile shilingi 300,000, kwa sababu tutaihitaji baadaye.

Weka mezani sheria aliyoikuta jaji

Hapa ndipo wanafunzi wengi huharakisha, na ndipo insha hushinda au kushindwa. Huwezi kusema kama jaji ametunga jambo jipya bila kuonyesha kwanza kilichokuwepo siku alipokaa kusikiliza. Jaji Mwalusanya alikuta mambo matatu juu ya meza yake.

La kwanza ni mila yenyewe. Wahaya walikuwa na kanuni za ardhi ya ukoo zilizokwisha kuandikwa katika kitabu cha Cory na Hartnoll cha mwaka 1945, na mwaka 1963 serikali ilitoa tamko la sheria za mila, Tangazo la Serikali namba 436. Kanuni ya 20 ya sehemu ya urithi ilisema wanawake waweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo: hiyo wataitumia katika uhai wao, lakini hawawezi kuiuza. Mwanamume naye hakuwa huru kabisa. Akiuza shamba la ukoo bila ridhaa ya wenzake, mauzo yalisimama, ila mwanaukoo yeyote aliweza kulikomboa kwa kumlipa mnunuzi bei aliyotoa. Shika tofauti hiyo vizuri. Mwanamume akiuza, shamba linakombolewa kwa fedha. Mwanamke akiuza, ni kama hakuuza kitu.

La pili ni maamuzi yaliyotangulia. Mwaka 1968, katika kesi ya Verdiana Kyabuje dhidi ya Gregory Kyabuje, Jaji Hamlyn wa Mahakama Kuu alikutana na tatizo lilelile la mabinti wa Kihaya na ardhi ya ukoo. Alieleza huruma yake, kisha akasema si kazi ya mahakama kuipindua mila. Mila hubadilishwa na jamii yenyewe inayoifuata, na kama inawatenga wanawake, marekebisho yafanyike mahali pengine, si mahakamani. Baadaye Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Maagwi Kimito dhidi ya Gibeno Werema, ikasema sheria ya mila ina hadhi sawa na sheria nyingine yoyote mahakamani, ila iko chini ya Katiba na sheria za Bunge.

La tatu ni Katiba. Haki za msingi ziliingizwa kwa sheria namba 15 ya mwaka 1984. Sheria iliyofuatana nayo, namba 16 ya mwaka huohuo, katika kifungu cha 5(1) iliagiza kwamba sheria zilizokuwepo zitafsiriwe na mahakama pamoja na marekebisho yoyote yatakayohitajika ili ziafikiane na Katiba. Serikali ilipewa miaka mitatu ya kujiandaa, na milango ya mahakama kwa madai ya haki hizo ikafunguliwa Machi 1988. Holaria aliuza shamba miezi mitano baadaye.

Soma hukumu kwa kalamu mbili

Sasa chukua nakala ya hukumu na kalamu za rangi mbili. Kila jaji anapotaja jambo ambalo mtu mwingine alikwisha kuliweka, yaani Katiba, Bunge, mila au mahakama ya juu, lipigie mstari wa bluu. Kila anapotamka jambo ambalo huwezi kulikuta limeandikwa popote kabla ya siku hiyo, lipigie mstari mwekundu. Usiulize kama jaji anatunga au anatangaza. Uliza sentensi hii imetoka wapi. Ukifanya hivyo utaona kuwa swali la mtihani linamchukua jaji kama kitu kimoja, wakati hukumu yake ina tabaka kadhaa.

Ukimaliza utakuta bluu nyingi mwanzoni. Kwamba mila ya Wahaya inamzuia mwanamke: bluu. Kwamba Katiba iko juu ya mila: bluu, Maagwi Kimito alikwisha kusema. Kwamba mahakama inatakiwa kuzirekebisha sheria za zamani ziafikiane na Katiba: bluu, ni kifungu cha 5(1).

Halafu unafika penye wekundu, na wekundu wenyewe uko sehemu mbili. Hizi mbili ndizo moyo wa insha yako, kwa hiyo nitakaa nazo.

Wekundu wa kwanza unahusu maana ya ubaguzi. Jaji aliegemea ibara ya 13(4), inayokataza mtu yeyote kubaguliwa. Ibara ya 13(5) inaeleza ubaguzi ni nini kwa kutoa orodha ya misingi yake, kama vile kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi na dini. Ukisoma Katiba ya leo utaikuta na jinsia humo. Lakini jinsia iliongezwa mwaka 2000. Mwaka 1990, Mwalusanya alipoandika, haikuwa imetajwa. Mtu wa upande wa mpwa angeweza kusema kwa maandishi mkononi kwamba Katiba haijakataza tofauti ya mwanamke na mwanamume. Jaji alivuka pengo hilo kwa kuleta mikataba ya kimataifa, ukiwemo ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, pamoja na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Alisema, kwa maneno mengine, kwamba nchi iliyoweka sahihi hizo haiwezi kuwa na Katiba inayoruhusu wanawake kubaguliwa.

Je, alitangaza au alitunga? Mwite Herbert Hart hapa, si kabla. Hart alifundisha kwamba kila kanuni ina eneo la katikati lililo wazi kwa kila msomaji na eneo la pembezoni ambako maneno hayatoshi. Huko pembezoni jaji anatumia hiari yake, na anapoitumia anatunga sheria kidogo, ndani ya mipaka. Ubaguzi wa kabila ulikuwa katikati ya ibara ya 13. Ubaguzi wa jinsia, mwaka 1990, ulikuwa pembezoni. Ukimleta Hart namna hii, msahihishaji ataona kwamba unamwelewa, kwa kuwa umemwonyesha pembezoni penyewe palipo.

Wekundu wa pili una uzito zaidi, na ni wachache wanaouona. Tuseme tumekubali kwamba Katiba inadai usawa. Usawa upi? Kulikuwa na njia tatu za kuwasawazisha wanaume na wanawake wa ukoo. Jaji angeweza kuwaachia wote wauze watakavyo, ukoo usiwe na neno. Angeweza kuwazuia wote wasiuze kabisa kwa mtu wa nje. Au angeweza kuchukua kanuni ya wanaume, ya kuuza kisha ukoo ukawa na nafasi ya kukomboa, akaieneza kwa wanawake. Njia zote tatu zinatosheleza usawa. Katiba haikusema ni ipi. Kifungu cha 5(1) hakikusema ni ipi. Jaji alichagua ya tatu: akaamua kwamba mauzo ya Holaria yalikuwa halali, na kwamba mpwa aweza kulikomboa shamba kwa kulipa zile shilingi 300,000, akampa miezi sita tangu siku ya hukumu. Akishindwa, shamba ni la mnunuzi.

Itafute hiyo miezi sita katika ibara za Katiba, hutaikuta. Kanuni ya mwanamke kuuza ardhi ya ukoo huku ukoo ukibaki na haki ya kukomboa haikuwepo Muleba asubuhi ya 22 Februari 1990 kwa maana ya kwamba mtu angeweza kuionyesha katika kitabu. Jioni yake ilikuwepo.

Dworkin angelipinga hilo, na lazima umpe nafasi ya kweli. Angesema jaji hakuchagua kama mtu anayechagua samaki mwaloni. Kati ya njia tatu, ile ya tatu ndiyo inayokaa vizuri zaidi na sheria iliyokwisha kuwepo: inaheshimu shauku ya ukoo ya kutopoteza ardhi, inatumia utaratibu ambao Wahaya wenyewe waliujua, na inatimiza usawa. Kwa hiyo lilikuwepo jibu moja lililo sahihi, na kazi ya jaji ilikuwa kuligundua. Hii ni hoja yenye nguvu na kesi hii inaibeba kuliko kesi nyingi za vitabuni. Mimi naona haitoshi kabisa, kwa sababu kukaa vizuri na sheria ya zamani hakutuambii kwa nini iwe miezi sita wala kwa nini maslahi ya ukoo yastahili kubaki baada ya Katiba kuingia. Lakini wewe una haki ya kuamua vingine, mradi utumie mambo haya haya.

Jaribio la tarehe

Ukitaka aya moja itakayoinua insha yako juu ya wastani, andika kuhusu wakati. Nadharia ya kutangaza, ile ya Blackstone wa karne ya 18, ina matokeo ambayo wanafunzi huyasahau. Kama jaji anatamka tu sheria iliyokuwepo, basi hukumu yake inarudi nyuma: inaeleza sheria ilivyokuwa siku ya tukio. Kama jaji anatunga, basi kumhukumu mtu kwa kanuni iliyozaliwa baada ya tendo lake kunahitaji maelezo, kwa sababu siku ile hakuwa na namna ya kuijua.

Sasa angalia alichofanya Mwalusanya. Alipoeleza athari ya uamuzi wake alisema kwamba kuanzia sasa wanawake kote Tanzania wana haki sawa ya kurithi na kuuza. Hayo ni maneno ya mtu anayeanzisha jambo. Lakini mauzo aliyoyahalalisha yalifanyika Agosti 1988, mwaka mmoja na nusu nyuma. Hicho ni kitendo cha mtu anayetangaza. Mambo mawili katika hukumu moja, na ni lazima insha yako iyapatanishe.

Njia moja ni kusema kwamba sheria ilibadilika yenyewe Katiba ilipoanza kufanya kazi, na jaji alifika baadaye tu kusoma kilichokwisha kutokea. Kwa kuwa Holaria aliuza baada ya Machi 1988, hakuna kilichorudi nyuma. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kifungu cha 5(1) kinaiambia mahakama ifanye marekebisho. Kabla ya mahakama kufanya hivyo, ungejuaje marekebisho yatakuwa yapi kati ya yale matatu? Mwanasheria mzuri wa Bukoba, akiulizwa na Gervazi siku ya kununua, angeweza kumwambia kwamba mila hii iko hatarini. Asingeweza kumwambia kwamba mpwa atapewa miezi sita.

Kwa hiyo jibu ninalokushauri uliweke kama msimamo wa insha ni hili: wajibu wa usawa ulitangazwa, umbo la usawa lilitungwa. Jaji alikuta amri ya kurekebisha, akaandika marekebisho. Huu si ule msemo wa kwamba majaji hufanya yote mawili, kwa sababu unataja kipi ni kipi na kwa ushahidi gani, na mtu anayekupinga ana mahali pa kukushika.

Usiache mila ipite bila kuulizwa

Kuna mtego katika msimamo wa Jaji Hamlyn ambao unafaa aya fupi. Alijiona anatangaza mila na kuiachia jamii kazi ya kuibadilisha. Lakini mila iliyokuwa ikisomwa mahakamani katika miaka ya 1960 ilikuwa imekwisha kuandikwa, kwanza na Cory na Hartnoll, kisha na serikali katika tamko la 1963 lililounganisha mila za jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba. Mtu fulani aliamua kipi kiingie katika maandishi na kipi kibaki nje. Mila ya mdomo husogea pamoja na watu wake. Ikishaandikwa na mahakama ikaishika kama kifungu, inasimama tarehe iliyochapwa. Kwa hiyo hata jaji aliyekataa kubadilisha alishiriki kuigandisha. John Austin, aliyeiita dhana ya kutangaza hadithi ya kitoto, angefurahi kuuona mfano huu, na hapa ndipo pa kumtaja.

Angalia pia kwamba Hamlyn na Mwalusanya walikuwa wote wa Mahakama Kuu. Mmoja hakumfunga mwenzake. Sema hivyo kwa sentensi moja ili msahihishaji asidhani unafikiri Mwalusanya alivunja kanuni ya kufuata maamuzi ya juu.

Kesi ya kupingana nayo

Insha isiyo na upinzani ni hotuba. Upinzani wako upo tayari, nao unatoka kusini tu ya Mwanza. Wajane wawili wa Shinyanga walifungua shauri Mahakama Kuu ya Dar es Salaam wakipinga kanuni zilezile za Tangazo namba 436. Inaitwa Elizabeth Stephen na mwingine dhidi ya Mwanasheria Mkuu, na iliamuliwa mwaka 2006. Mahakama ilikubali kwamba kanuni zile zinawabagua wanawake. Kisha ikakataa kuzifuta. Ilisema mabadiliko ya mila hayawezi kuletwa kwa tamko la mahakama, kwamba kugusa mila moja kutafungua mlango wa kupingwa nyingine za makabila zaidi ya 120, na kwamba njia sahihi ni halmashauri za wilaya kurekebisha tamko lao. Rufaa ya wajane ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi katika nyaraka, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao.

Kanuni zilezile, Katiba ileile, miaka 16 imepita, na matokeo yamepishana. Anayesema majaji hutangaza tu anatakiwa kueleza ni nani kati ya hao alitangaza vibaya. Anayesema majaji hutunga watakavyo anatakiwa kueleza kwa nini mahakama ya 2006 ilihisi mikono yake imefungwa. Usikimbilie kumpa Mwalusanya ushindi kwa sababu moyo wako uko kwa Holaria. Wangu pia uko kwake, na naiona hukumu ya 2006 kuwa iliwaacha wajane wale njiani. Hata hivyo sababu yake ina uzito: halmashauri inachaguliwa, jaji hachaguliwi. Iandike hoja hiyo kwa nguvu zake zote, halafu ijibu kwa kifungu cha 5(1), kilichoweka kazi ya kurekebisha mikononi mwa mahakama kwa amri ya Bunge lililochaguliwa.

Mipaka ya utungaji wa jaji unaweza kuipitia haraka. Mwalusanya huyohuyo, mwaka 1994, alitamka adhabu ya kifo kuwa kinyume cha Katiba katika kesi ya Mbushuu, na Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi huo mwaka uliofuata. Mwaka 1994 pia Bunge lilipitisha sheria inayotaka maombi ya haki za msingi yasikilizwe na majaji watatu, na inayoiruhusu mahakama kuipa serikali muda wa kurekebisha badala ya kufuta. Na sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20(2), ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Kwa hiyo jaji anatunga akiwa na mahakama ya juu kichwani pake na Bunge pembeni, na Bunge laweza kumfuta au kumthibitisha.

Vipimo vya insha

Tuseme umepewa maneno 2,000. Utangulizi usizidi 200, na uwe na msimamo wako kamili, si ahadi kwamba utajadili. Blackstone na Austin wapate 300 kwa pamoja, wakiwa wamefungwa na Hamlyn na tamko la 1963. Kesi ya Holaria ipate 900, nayo igawanywe hivi: matukio 120, sheria aliyoikuta jaji 200, pengo la jinsia 200, njia tatu za usawa 380. Jaribio la tarehe lipate 200. Kesi ya 2006 na jibu lako kwake 300. Kinachobaki, kama 100, ni hitimisho linalosema msimamo wako unaishia wapi.

Utangulizi unaweza kusomeka hivi, kwa maneno yako mwenyewe:

"Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliuza kihalali, na kwamba ukoo ungeweza kuikomboa ndani ya miezi sita. Insha hii inasema kwamba sehemu ya kwanza ya uamuzi huo ilitangazwa na sehemu ya pili ilitungwa. Katiba iliamuru usawa lakini haikuchagua umbo lake, na aliyechagua ni jaji. Nadharia ya kutangaza inaeleza kwa nini alikuwa na wajibu wa kuamua, haielezi alichoamua."

Dalili za kwamba mpango umekwenda kombo ni rahisi kuziona. Kama jina la mwanafalsafa linaanza aya tatu mfululizo, umerudi kwenye foleni. Kama unaweza kuliondoa jina la Holaria katika insha na hakuna sentensi inayoanguka, kesi umeitumia kama pambo. Kama umeandika kwamba Mwalusanya aliifuta mila, umekosea: aliirekebisha kwa mamlaka ya kifungu cha 5(1), na tofauti ya kufuta na kurekebisha ndiyo insha yako nzima. Na kama umeandika kwamba Katiba ya 1990 ilitaja jinsia, umeipoteza hoja yako bora kwa kusoma toleo la leo.

Hukumu kamili imechapishwa katika ripoti za kesi za haki za binadamu za Afrika za mwaka 2001, kuanzia ukurasa wa 236. Isome yote kabla hujafungua kitabu chochote cha nadharia, na usiishie kwenye aya zinazonukuliwa sana kuhusu ukombozi wa wanawake. Amri ya miezi sita iko mwishoni kabisa, na wengi hawafiki huko.